Saa ya Io, umbali wa Kalisto

Katika toleo la 3 la kitabu cha Isaac Newton kiitwacho Principia, lililochapishwa mwaka 1726, kuna jedwali dogo la miezi minne ya sayari ya Mshtarii. Linafaa kusomwa polepole, kwa sababu sehemu zake mbili hazina uhakika unaolingana. Muda ambao kila mwezi hutumia kuizunguka sayari umeandikwa mpaka sekunde: Io, ulio karibu kuliko mingine mitatu, siku 1, saa 18, dakika 27 na sekunde 34, Kalisto, ulio mbali zaidi, siku 16, saa 16, dakika 32 na sekunde 9. Ukifika kwenye umbali, uhakika huo unatoweka. Kipimo kilichotumika ni rediasi ya Mshtarii yenyewe, yaani urefu kutoka katikati ya sayari hadi ukingoni mwake. Giovanni Cassini, kwa kutazama kwa darubini, alisema Kalisto iko umbali wa rediasi 23. Townley akapata 24.72. Cassini huyo huyo, alipotumia njia ya kupatwa kwa miezi, akapata 25 na sehemu 3 za kumi.

Chini ya namba hizo zinazopingana, Newton aliweka mstari wa mwisho uliotokana na hesabu. Aliukokotoa kutokana na muda wa mizunguko, na kwa Kalisto ukampa 25.299. Yaani katika vipimo vyote vilivyokuwa mezani, kile cha njia ya kupatwa ndicho kilichokubaliana na hesabu, na vile vingine vilikuwa pungufu.

Hesabu hiyo ndiyo habari ya makala haya. Haihitaji zaidi ya kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, na msomaji mwenye simu yenye kikokotoo anaweza kuifuata yote.

Kwanza tuelewe kwa nini muda ulikuwa rahisi kupimwa na umbali ukawa mgumu. Galileo aliiona miezi hii mjini Padua mwezi Januari 1610, ikiwa vinukta vya mwanga vilivyojipanga karibu mstari mmoja kando ya sayari, vikihama upande huu na ule usiku hata usiku. Hata leo ndivyo inavyoonekana kwa darubini ndogo ya macho mawili, mradi mikono isitetemeke. Kupima umbali wa kinukta kama hicho kunahitaji ukijue kwanza kipimo chenyewe, yaani ukubwa wa sayari, na ukingo wa Mshtarii katika darubini za wakati ule ulionekana umefifia kwa sababu ya mwanga kutawanyika. Ukikosea rediasi ya sayari, umekosea kila umbali unaoupima kwa rediasi hiyo.

Muda una bahati nyingine. Kila Io inapopita nyuma ya Mshtarii huingia kwenye kivuli cha sayari na kuzimika. Mtu mwenye saa anaandika dakika ya kuzimika, anasubiri mizunguko mingi ipite, anaandika tena, kisha anagawanya. Mizunguko 1,000 ya Io huchukua karibu miaka 5. Akiwa amekosea dakika 5 nzima katika kusoma saa yake, kosa hilo linagawanywa kwa 1,000, na mzunguko mmoja unabaki na kosa la sehemu 3 za kumi za sekunde. Kadiri unavyosubiri ndivyo kosa linavyosagika. Saa hii ya Io ilikuwa sahihi kiasi kwamba mwaka 1676 Ole Rømer aligundua kuwa inachelewa pale Dunia inapokuwa mbali na Mshtarii na kuwahi inapokaribia, akaeleza kwamba nuru yenyewe huchukua muda kusafiri. Jambo kubwa kama hilo lilitokana na orodha ya saa za kuzimika kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo tuna kitu kimoja tunachokijua vizuri na kingine tunachokijua vibaya. Kinachoviunganisha ni kanuni aliyoitangaza Johannes Kepler mwaka 1619 kuhusu sayari na Jua, ambayo baadaye mwenyewe aliihamishia kwenye miezi ya Mshtarii katika kitabu chake Epitome. Inaitwa kanuni ya tatu ya Kepler, nayo inasema hivi: chukua muda wa mzunguko mmoja, uzidishe kwa wenyewe, hicho ni kipeo cha pili, chukua rediasi ya obiti, izidishe kwa yenyewe mara tatu, hicho ni kipeo cha tatu, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Jibu ni namba moja ile ile kwa miezi yote inayozunguka sayari moja.

T² ÷ r³ = k

Hapa T ni muda, r ni rediasi ya obiti, na k ni namba ya sayari husika. Ukiwa na miezi miwili huna haja ya kuijua k, kwa sababu ni ile ile pande zote mbili na inajifuta:

(T₂ ÷ T₁)² = (r₂ ÷ r₁)³

Sasa tuchukue jedwali la leo, lenye vipimo vilivyotengenezwa vizuri zaidi kwa msaada wa vyombo vilivyofika huko.

| Mwezi | Rediasi ya obiti (km) | Muda wa mzunguko (siku) |
|---|---|---|
| Io | 421,800 | 1.769 |
| Europa | 671,100 | 3.551 |
| Ganimedi | 1,070,400 | 7.155 |
| Kalisto | 1,882,700 | 16.689 |

Tufanye kama hatuijui namba ya mwisho, ile 16.689. Tunayo Io kamili, na tunayo rediasi ya obiti ya Kalisto. Gawanya 1,882,700 kwa 421,800, unapata 4.4635: obiti ya Kalisto ni pana mara nne na nusu hivi kuliko ya Io. Kipeo cha tatu cha 4.4635 ni 88.92. Kipeuo cha pili cha 88.92 ni 9.43. Maana yake Kalisto hutumia muda mara 9.43 ya ule wa Io. Zidisha 9.43 kwa 1.769 na jibu ni siku 16.68. Jedwali linasema 16.689. Tumekosa kwa dakika kumi hivi katika safari ya zaidi ya siku 16, na hizo dakika kumi tutazirudia, kwa sababu zina asili yake.

Europa inafaa kutazamwa kwa sababu huwapotosha wengi. Muda wake, 3.551, ni karibu mara mbili kamili ya ule wa Io. Anayesoma haraka hudhani basi na umbali wake ni mara mbili. Gawanya 671,100 kwa 421,800: jibu ni 1.59 tu. Kipeo cha tatu cha 1.59 kinakaribia 4, na 4 ndicho kipeo cha pili cha 2. Mwezi unahitaji kusogea mbali kwa asilimia 59 tu ili muda wake ukue mara mbili.

Kwa nini muda unakua haraka kuliko umbali? Sababu zipo mbili na zinafanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni urefu wa njia: ukisogea mbali mara nne, duara la kuzunguka linarefuka mara nne. Ya pili ni mwendo. Uvutano wa sayari hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo ukiwa mbali mara nne unavutwa kwa nguvu ndogo mara 16. Mwezi unaovutwa kwa unyonge hauwezi kwenda kasi na bado ukabaki kwenye duara lake, ungeliacha. Katika umbali wa mara nne, kasi inayofaa ni nusu ya ile ya awali. Njia ndefu mara nne kwa nusu ya kasi hutoa muda mrefu mara nane. Na angalia: 8 ukikizidisha kwa chenyewe ni 64, na 4 katika kipeo cha tatu pia ni 64. Vipeo vile viwili na vitatu ambavyo huonekana vimetoka hewani vimetoka hapo.

Namba halisi zinakubali. Io hukimbia kilomita 17.3 kwa sekunde. Kalisto huenda kilomita 8.2 kwa sekunde, chini kidogo ya nusu, kwa kuwa umbali wake ni zaidi kidogo ya mara nne.

Msomaji makini atauliza: je, uzito wa miezi yenyewe? Ganimedi ni mkubwa kiasi cha kuishinda sayari ya Utaridi kwa kipenyo, na Io ni mdogo kwake. Mbona safu ya tungamo haimo kwenye jedwali? Haimo kwa sababu haihitajiki. Mwezi mzito huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini kwa kiwango hicho hicho ni mgumu zaidi kugeuzwa njia, na mambo hayo mawili yanafutana. Kinachobaki ni tungamo ya sayari iliyo katikati, nayo ndiyo inayoamua k. Hili ni kweli maadamu mwezi ni mdogo sana ukilinganishwa na sayari yake, na miezi ya Mshtarii iko hivyo mno.

Makosa ya hesabu hii yanajirudia kila mahali inapofundishwa, na uzuri ni kwamba jedwali lenyewe huyafichua. Linalonisumbua zaidi ni la kupima umbali kutoka juu ya sayari badala ya katikati yake. Mshtarii ina rediasi ya kilomita 71,500 hivi kwenye ikweta. Mtu akiziondoa kilomita hizo, Io inakuwa na kimo cha 350,300 na Kalisto 1,811,200. Uwiano unapanda hadi 5.17, na mwisho wa hesabu Kalisto inapewa karibu siku 21. Umekosea siku nne, na kosa halikuwa kwenye kuzidisha wala kugawanya. Lilikuwa kwenye kuelewa rediasi inaanzia wapi. Uvutano wa sayari hufanya kazi kana kwamba tungamo yote imekusanyika katikati, ndiyo maana kila umbali huanzia huko. Anayeshughulika na setilaiti za Dunia hukutana na mtego huo huo kila siku, kwani setilaiti hutajwa kwa kimo chake kutoka ardhini.

Kosa lingine ni kubadilisha vipeo, cha pili kwenda kwenye umbali na cha tatu kwenye muda. Anayefanya hivyo hupata siku 4.8 kwa Kalisto. Atazame mstari wa Ganimedi: mwezi ulio karibu zaidi kuliko Kalisto una siku 7. Mwezi wa mbali hauwezi kumaliza mzunguko kabla ya ule wa karibu nao, kwa hiyo jibu hilo limejikataa lenyewe kabla hata hujaulizwa. Vizio havina shida: weka saa badala ya siku, au rediasi za Mshtarii badala ya kilomita, na uwiano hautabadilika mradi miezi yote miwili ipimwe kwa kizio kimoja.

Turudi kwenye zile dakika kumi. Tutafute k ya kila mwezi, tukiandika umbali kwa laki za kilomita ili namba zisiwe ndefu. Io: 1.769 katika kipeo cha pili ni 3.129, 4.218 katika kipeo cha tatu ni 75.04, ukigawanya, 0.04170. Kwa njia hiyo hiyo Europa inatoa 0.04172, Ganimedi 0.04174 na Kalisto 0.04174. Kwa matumizi ya kawaida hiyo ni namba moja, 0.0417, na mwalimu yeyote angeipa vema. Lakini tazama tarakimu ya mwisho. Namba hazikutawanyika ovyo kama makosa ya vipimo yanavyotawanyika. Zinapanda kwa mpangilio kadiri unavyoiacha sayari, kisha zinatulia.

Kuna mwezi wa tano unaoweza kutusaidia kuamua kama huo ni mpangilio wa kweli. Unaitwa Amalthea, ni mdogo sana, na uligunduliwa na Edward Barnard katika kituo cha Lick, California, Septemba 1892. Obiti yake ina rediasi ya kilomita 181,400 tu, na huzunguka kwa siku 0.4982, chini kidogo ya saa 12. Ukifanya hesabu ile ile unapata 0.0416. Mwezi ulio karibu zaidi una namba ndogo zaidi, kama mpangilio ulivyotaka.

Sababu ni umbo la Mshtarii. Sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa chini kidogo ya saa 10, na kwa kasi hiyo imetuna kiunoni: rediasi yake kwenye ikweta inazidi ile ya kwenye ncha kwa zaidi ya kilomita 4,600. Kanuni ya Kepler katika sura yake sahili huichukulia sayari kama tufe kamili. Tungamo iliyotuna kwenye ikweta huongeza kidogo mvuto kwa miezi inayozunguka juu ya ikweta hiyo, na mwezi wa karibu huuhisi zaidi kuliko wa mbali. Io inavutwa zaidi kidogo ya inavyotarajiwa, inazunguka haraka kidogo, na k yake inapungua. Kalisto, iliyo mbali, karibu haihisi kitu. Tulipoanzia kwa Io kumtafuta Kalisto, tulibeba ile haraka ndogo ya Io bila kujua, tukaizidisha kwa 9.43. Zile dakika ambazo zilionekana kama uzembe wa kukadiria kwa sehemu kubwa ni kiuno cha Mshtarii kikionekana katika hesabu ya mizunguko. Nasema bila kusita kwamba hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika somo zima: kanuni inaposhindwa kwa kiasi kidogo na kwa mpangilio, kushindwa kwake kunaeleza kitu.

Kuna mpaka mwingine wa kutaja haraka. Nimezungumza juu ya rediasi kwa sababu obiti za miezi hii minne zinakaribia sana duara. Obiti iliyovutika kama yai haina rediasi moja. Huko hutumika nusu ya urefu wake mkubwa, na kanuni inaendelea kufanya kazi.

Na mpaka mkubwa kuliko yote ni ule uliomo katika maneno ‘sayari moja’. Jaribu kumwingiza Mwezi wetu katika jedwali la Mshtarii. Uko umbali wa kilomita 384,400, yaani karibu zaidi na Dunia kuliko Io ilivyo kwa Mshtarii. Kwa kufuata jedwali, ungepaswa kuzunguka kwa chini ya siku 1.769. Unatumia siku 27.32. Hesabu haijaharibika: k imebadilika kwa sababu sayari ya katikati imebadilika. Kwa Dunia, 27.32 katika kipeo cha pili ni 746.4, na 3.844 katika kipeo cha tatu ni 56.80, hivyo k ni 13.14. Gawanya 13.14 kwa 0.04174 ya Kalisto. Jibu ni karibu 315.

Newton ndiye aliyeonyesha maana ya jibu hilo. Kadiri sayari inavyokuwa nzito, ndivyo miezi yake inavyokimbia na k yake inavyopungua, kwa uwiano ule ule. Hivyo 315 ni mara ngapi Mshtarii inaizidi Dunia kwa tungamo. Thamani inayokubalika leo ni karibu 318, na sehemu kubwa ya pengo hilo inafahamika: Mwezi wetu si mwepesi kama miezi ya Mshtarii. Una sehemu 1 ya 81 ya tungamo ya Dunia, kwa hiyo lile 13.14 ni la Dunia na Mwezi kwa pamoja. Ukiiondoa sehemu ya Mwezi, 315 inapanda hadi karibu 319. Sayari imepimwa uzito kwa rediasi mbili na vipindi viwili.

Kwa njia hii Mshtarii, Zohali, na baadaye Mirihi, ambayo miezi yake miwili iligunduliwa mwaka 1877, ziliweza kujulikana tungamo zake na watu waliokaa Duniani na saa. Zuhura na Utaridi hazina mwezi hata mmoja. Hakukuwa na jedwali la kukokotoa, na wanafalaki walilazimika kukisia tungamo zake kutokana na namna zinavyosumbua kidogo njia za sayari na kometi nyingine, kazi ndefu yenye majibu yasiyo imara. Hali hiyo ilibadilika pale chombo cha Mariner 2 kilipopita karibu na Zuhura mwaka 1962, na Mariner 10 karibu na Utaridi mwaka 1974, na wahandisi wakasoma katika mawimbi ya redio jinsi kila sayari ilivyokivuta chombo kilichoipitia.